Asha alianza na miaka 25, Musa na 35: jinsi ya kupiga hesabu ya riba juu ya riba

Chukua watu wawili, tuwaite Asha na Musa, majina ya mfano tu. Asha anaanza kuweka akiba akiwa na miaka 25. Anaweka shilingi 50,000 kila mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka, kwa miaka 10. Akifika 35 anaacha kabisa kuweka, na ile iliyokwisha kukusanyika haigusi hadi atimize miaka 60. Musa anaanza siku ileile Asha anapoacha. Naye anaweka 600,000 kila mwaka, na haachi hata mwaka mmoja hadi afike 60. Kwa hiyo Asha ametoa mfukoni milioni 6, Musa milioni 15.

Fedha zao zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, Asha atakuwa na shilingi 103,606,388 na Musa 59,008,236.

Nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka kadhaa, na kila ninapowasomea wanachama hesabu hii, wapo wanaodhani nimekosea kuandika. Ndiyo maana naiweka hapa hatua kwa hatua, ili uipige mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Baada ya hapo nitaonyesha inapovunjika, kwa sababu inavunjika, na wanaoisimulia mara nyingi huishia pale kwenye milioni 103.

Hatua ya kwanza: ona riba inavyozaa riba

Anza na shilingi 1,000,000 uliyoiweka mara moja kwa asilimia 10. Mwaka ukiisha unapata riba ya 100,000. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuitoa ile 100,000 ukaitumia, na mwaka unaofuata ukapata 100,000 nyingine, na hivyohivyo kila mwaka. Baada ya miaka 25 utakuwa umepokea riba ya milioni 2.5, na ile milioni yako ipo palepale. Jumla milioni 3.5.

Njia ya pili ni kuiacha 100,000 ndani. Mwaka wa pili riba haipigwi tena kwenye 1,000,000 bali kwenye 1,100,000, kwa hiyo unapata 110,000. Ile 10,000 ya nyongeza hukuifanyia kazi wewe. Imezaliwa na riba ya mwaka jana. Mwaka wa tatu fedha yako ni 1,331,000, na mwaka wa kumi ni 2,593,742. Mwaka wa 25 ni 10,834,706.

Tazama tofauti ilivyo ndogo mwanzoni: mwaka wa pili ni 10,000 tu, pesa ya kununulia mboga. Mwaka wa 25 tofauti imefika zaidi ya milioni 7. Mambo mengi katika hesabu hii yamejificha mwishoni, na ndiyo sababu watu huichoka kabla haijawaonyesha kitu.

Kwenye kikokotoo, kukua kwa asilimia 10 ni kuzidisha kwa 1.1. Andika 1,000,000, zidisha kwa 1.1, na rudia mara nyingi kadiri ya miaka uliyo nayo. Kwa asilimia 8 unazidisha kwa 1.08.

Hatua ya pili: andika daftari la Asha

Sasa tuingize na michango ya kila mwaka. Ili hesabu iwe rahisi, chukulia Asha anakusanya 50,000 zake za kila mwezi kisha anaziingiza zote 600,000 mwisho wa mwaka. Akiziingiza kila mwezi atapata zaidi kidogo, lakini picha haibadiliki.

Kanuni ni moja: salio la mwaka jana zidisha kwa 1.1, kisha ongeza 600,000.

Mwaka wa kwanza ana 600,000. Mwaka wa pili, 600,000 mara 1.1 ni 660,000, ukiongeza 600,000 unapata 1,260,000. Mwaka wa tatu ni 1,986,000. Mwaka wa tano ni 3,663,060. Mpaka hapo ametoa milioni 3 mfukoni na riba imemwongezea kama laki 6 na nusu tu. Hapa ndipo watu wengi huvunja kibubu, maana wanaona hakuna cha maana kinachotokea.

Ukiendelea, mwaka wa nane salio ni 6,861,533. Riba ya mwaka wa tisa inapigwa juu ya hiyo, na inakuwa 686,153. Weka alama kwenye daftari mwaka huo. Kwa mara ya kwanza riba ya mwaka imezidi mchango wa Asha wa mwaka mzima. Mwaka wa kumi anafunga na 9,562,455, na anaacha kuchangia.

Kuanzia hapo ni kuzidisha kwa 1.1 tu, mara 25. Akiwa na miaka 40 ana milioni 15.4, akiwa na 45 ana milioni 24.8. Akifika 50 ni milioni 39.9, 55 ni milioni 64.3, na 60 ni milioni 103.6. Miaka mitano ya mwisho peke yake imeongeza milioni 39, na mwaka wa mwisho kabisa riba ni zaidi ya milioni 9.4. Mwaka mmoja huo umezidi fedha yote aliyoitoa mfukoni maisha yake yote.

Hatua ya tatu: andika daftari la Musa

Kanuni ni ileile, kuzidisha kwa 1.1 na kuongeza 600,000, mara 25. Kwa hiyo Musa akiwa na miaka 45 ana 9,562,455, sawasawa na Asha alipokuwa na 35. Hajafanya kosa lolote. Anapita njia ileile, ila yuko nyuma kwa miaka kumi, na miaka anayoikosa si ile kumi ya mwanzo yenye fedha kidogo. Anaikosa kumi ya mwisho, ambayo salio la Asha liliruka kutoka milioni 39.9 hadi 103.6.

Kama una kompyuta, au programu ya majedwali kwenye simu kama Excel, huhitaji kuzidisha mara 25. Andika hivi kwenye visanduku vitatu:

```
=FV(10%,10,-600000)
=FV(10%,25,0,-9562455)
=FV(10%,25,-600000)
```

Mstari wa kwanza ni miaka kumi ya Asha ya kuchangia, wa pili ni miaka yake 25 ya kungoja, wa tatu ni Musa. Alama ya kutoa mbele ya kiasi inamaanisha fedha imetoka mfukoni kwako. Ukiisahau, jibu litatokea na alama ya kutoa, lakini tarakimu ni zilezile.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara: je, Asha asingeacha? Kama angeendelea kuchangia hadi 60 angekuwa na 162,614,000 na ushee. Jumlisha fungu la Asha na la Musa uone, ni kiasi hichohicho. Kwa hiyo mfano huu usikufundishe kuacha ukifika 35. Umewekwa hivyo ili nguvu ya miaka kumi ya mwanzo ionekane ikiwa peke yake.

Hatua ya nne: badilisha kiwango, uone hadithi inavyogeuka

Sehemu hii naomba uisome polepole. Ile asilimia 10 niliichagua mimi. Rudia madaftari yote mawili kwa asilimia 6, yaani zidisha kwa 1.06. Asha anafikisha milioni 33.9 na Musa milioni 32.9. Wamekaribia kulingana. Rudia kwa asilimia 5: Asha milioni 25.6, Musa milioni 28.6. Musa ameshinda!

Kwa hiyo kuanza mapema peke yake hakutoshi. Kiwango kikiwa kidogo, michango mingi ya Musa inaizidi miaka ya Asha. Mtu aliyeweka fedha zake miaka 35 kwenye akaunti ya kawaida ya akiba inayolipa asilimia 2 au 3 hakupata kile alichoahidiwa na hadithi hii, na wa kulaumiwa si nidhamu yake.

Ndiyo maana usitazame kiwango kilichoandikwa kwenye bango. Tazama kinachobaki mkononi baada ya kodi na ada. Tanzania, riba ya amana za benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na Kenya ni asilimia 15. Riba ya asilimia 10 ikikatwa kodi ya Tanzania inabaki asilimia 9. Mtu akisikia hivyo anaona ni pungufu dogo. Piga daftari la Asha kwa 1.09: milioni 78.6. Asilimia moja imeondoka na milioni 25, maana kodi haikukata riba ya mwaka huu tu, imekata na riba zote ambazo hiyo riba ingezizaa baadaye. Ada ya mwaka ya usimamizi wa mfuko hufanya kazi vilevile. Uliza ni asilimia ngapi, na kama thamani wanayokutangazia imeshaondolewa ada hiyo.

Tena kiwango hakisimami mahali pamoja kwa miaka 35. Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa hatifungani ya kwanza ya miaka 25, yaani hati ya kuikopesha serikali, mwaka 2021, kuponi yake, yaani riba yake ya mwaka, ilikuwa asilimia 15.95. Mwaka uliofuata matoleo mapya ya muda huohuo yalishuka hadi 12.56. Aliyenunua ya kwanza analipwa 15.95 yake mpaka mwisho, lakini kila riba anayoipokea na kutaka kuiwekeza upya inakutana na kiwango cha siku hiyo. Kwa sababu hiyo mimi hupiga hesabu mara mbili, kwa kiwango ninachokitumaini na kwa kiwango kilicho chini yake kwa asilimia 3, kisha napanga maisha kwa ile ya chini.

Hatua ya tano: hakikisha riba inabaki ndani

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza, na mara nyingi bila kujua.

Fikiria kikundi cha VICOBA cha kawaida. Mnanunua hisa kila wiki, mnakopeshana, riba ya mikopo inaingia kwenye sanduku, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi Desemba, mnavunja na kugawana. Faida ya mwaka inaweza kuwa nzuri sana, pengine kubwa kuliko ya benki. Lakini mwezi wa kwanza mnaanza tena na sifuri. Kikundi cha namna hiyo, hata kikidumu miaka 20, hakijawahi kuwa na mwaka wa pili. Kila mwaka ni wa kwanza. Siwaambii watu waache vikundi, maana vinasomesha watoto na kuzika ndugu zetu. Nawaambia kwamba siku ya mgao, sehemu ya fungu lako itoke pale moja kwa moja kwenda mahali pasipovunjwa kila Desemba. Ikilala nyumbani hata wiki moja, kwa nilivyoona, huwa hairudi.

Hatifungani ya serikali ina mtego wake. Riba yake hailimbikizwi, bali huingizwa kwenye akaunti yako ya benki kila baada ya miezi sita. Ukiwa na hatifungani ya milioni 1 kwa asilimia 10, unaingiziwa 50,000 mara mbili kwa mwaka. Hiyo 50,000 haiwezi kununua hatifungani nyingine, kwa sababu kiwango cha chini kwenye mnada ni milioni 1. Ukiiacha kwenye akaunti ya kawaida itapotelea kwenye nauli na vocha, na hapo uko kwenye ile njia ya kwanza, ya milioni 3.5 badala ya 10.8. Dawa yake ni kuwa na mahali pa kuikusanyia riba hiyo ikiendelea kukua, mpaka itimie milioni ya kununua nyingine.

Mahali hapo panaweza kuwa mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambapo unanunua vipande. UTT AMIS ina mifuko kama Ukwasi, ambao haugawi faida. Faida inabaki ndani na bei ya kipande inapanda, kwa hiyo riba inazaa riba bila wewe kufanya lolote. Mifuko mingine hukuuliza kwenye fomu kama unataka kupokea gawio au kukuza mtaji. Kwa lengo hili chagua kukuza mtaji. Faida ya vipande haina ahadi kama ya riba ya benki, na bei inaweza kuyumba.

Kwenye akaunti ya muda maalumu ya benki, tazama maelekezo ya siku ya kuiva. Benki inaweza kuhuisha mtaji peke yake na riba ikaingia akaunti yako ya kawaida, au ikahuisha mtaji pamoja na riba. Ni alama moja ndogo kwenye fomu. Namjua mtu aliyehuisha miaka sita mfululizo akiamini riba yake inalimbikizwa, kumbe ilikuwa ikidondoka kwenye akaunti anayotolea matumizi ya nyumbani. Njia ya kugundua ni rahisi: chukua taarifa mbili za miaka miwili inayofuatana, uone kama mtaji wa mwaka wa pili umekua. Ukiwa uleule, riba yako inatoka nje.

Kwa ndugu Waislamu wanaojiepusha na riba: kuzidisha huku hakubadiliki kwa faida ya biashara ikirudishwa kwenye mtaji, iwe ni mudharaba kwenye benki ya Kiislamu kama Amana Bank, au duka ambalo faida yake inanunua bidhaa zaidi. Tofauti ni kwamba faida haijulikani kabla, kwa hiyo piga daftari kwa wastani wa miaka iliyopita na uweke tahadhari kubwa zaidi.

Hatua ya sita: geuza milioni za kesho ziwe za leo

Shilingi milioni 103 baada ya miaka 35 hazitanunua kinachonunuliwa leo na milioni 103. Mfumuko wa bei Tanzania miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3 hadi 4. Chukua 4. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka kwa miaka 35, kitu cha shilingi 1,000 kitauzwa 3,946. Gawanya 103.6 kwa 3.946: fungu la Asha lina nguvu ya kununua ya kama milioni 26 za siku ile alipoanza. Bado ni nyingi kwa mtu aliyekuwa akiweka 50,000 kwa mwezi, ila si zile alizoziota.

Njia ya mkato ni kutoa mfumuko kwenye kiwango chako. Asilimia 9 baada ya kodi, toa 4, inabaki kama 5, na hiyo 5 ndiyo kasi ya kweli. Akaunti inayolipa 3 wakati bei zinapanda kwa 4 inapungua kila mwaka hata kama salio linaongezeka.

Na hii ndiyo sababu mchango nao upande. Elfu 50 ya leo haitakuwa na uzito uleule baada ya miaka minane, kwa hiyo kila mshahara au bei ya mazao inapopanda, panda nao.

Hatua ya saba: weka namba zako

Kabla ya yote tazama madeni, kwa sababu hesabu hii haijui kama wewe ni mwenye fedha au mdaiwa. Mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, ukiuhuisha kila mwezi bila kulipa, unafanya 100,000 kuwa 313,843 kwa mwaka mmoja. Hakuna akiba itakayoshindana na hilo. Lipa kwanza.

Kisha tumia kanuni ya 72 kupata picha ya haraka: gawanya 72 kwa kiwango chako, utapata takribani miaka ya fedha kujizidisha mara mbili. Kwa asilimia 10 ni miaka 7 na kidogo, kwa asilimia 6 ni miaka 12. Hesabu fedha yako itajizidisha mara ngapi kabla ya umri unaoulenga. Kila mzunguko unaoukosa ni ule wa mwisho, ulio mkubwa kuliko yote.

Kabla hujatoa kitu kwenye fungu, pigia hesabu kitu hicho pia. Tuseme Asha akiwa na miaka 40 anatoa milioni 5 za kuezekea nyumba. Kwa asilimia 10, milioni 5 hizo zingekuwa milioni 33.6 akifika 60. Pengine bati ni la lazima, mvua haingoji. Lakini ajue kwamba paa hilo limemgharimu milioni 33.6 za uzeeni, na kama upo uwezekano wa kuezeka kwa awamu kutoka kwenye mapato ya mwezi, aufikirie.

Na kama wewe ni Musa, yaani miaka 35 imekwisha kufika, swali lako ni kiasi gani uweke ili umfikie Asha. Gawanya 103,606,388 kwa 98.347, ambayo ndiyo namba inayopatikana ukiweka shilingi moja kila mwaka kwa miaka 25 kwa asilimia 10. Jibu ni 1,053,477 kwa mwaka, karibu 88,000 kwa mwezi badala ya 50,000. Aliyeanza na miaka 45 na kulenga 60 ana miaka 15, na namba yake ni 31.772. Atahitaji kama 3,261,000 kwa mwaka, yaani kama 272,000 kwa mwezi.